Je, nchi ikitajirika hewa hujisafisha yenyewe? Mchoro wa Kuznets na lita moja ya dizeli

Tangu Julai 2020, Benki ya Dunia ilipoiweka Tanzania katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini, kuna hoja inayorudi kila mazungumzo yanapogusa moshi wa magari, mito michafu au taka. Wanaoitoa husema hivi: nchi zote zilizoendelea zilichafua kwanza, zikatajirika, halafu zikajisafisha. Basi na sisi tuachwe tujenge uchumi, hewa itakuja kusafika baadaye. Utaisikia kijiweni Ngarenaro, utaisikia ndani ya kifodi kilichokwama Sakina nyuma ya lori linalotoa moshi mweusi, na utaisikia kwa wasomi wenye shahada za uchumi, ambao huongeza kwamba jambo hili limethibitishwa na lina mchoro wake.

Mchoro upo kweli, na waliouchora walikuwa watafiti makini. Lakini mchoro huo unasema mambo machache kuliko yanayosemwa kwa jina lake, na katika miaka zaidi ya thelathini tangu uchorwe umekosolewa kwa hoja nzito. Nitaueleza kwa kufuata kitu kimoja tu, salfa iliyomo ndani ya dizeli. Gesi ya salfa ndiyo aina ya uchafuzi iliyoupa mchoro huu umaarufu. Na kwa bahati, sehemu ya kisa cha salfa imepita hapa hapa Arusha, yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Mchoro wenyewe

Tuanze na maneno mawili. Pato la wastani ni thamani ya uchumi wa nchi kwa mwaka ikigawanywa kwa idadi ya watu wake. Uchafuzi, katika makala haya, ni kitu kinachoweza kupimwa kikitoka kwenye bomba la gari, dohani la kiwanda au jiko, kikaingia hewani, majini au ardhini na kuleta madhara. Kila aina ya uchafuzi ina kipimo chake. Kumbuka hilo, maana mkanganyiko mwingi huanza pale watu wanapotamka "uchafuzi" kana kwamba ni kitu kimoja.

Sasa chora mstari wa chini unaoonyesha pato la wastani, kutoka nchi maskini upande wa kushoto hadi nchi tajiri upande wa kulia. Chora mstari wa wima unaoonyesha uchafuzi. Dai ni kwamba nchi inapotoka katika umaskini uchafuzi hupanda, hufika kileleni, na pato likizidi kupanda uchafuzi huanza kushuka. Umbo linalopatikana ni kilima.

Simon Kuznets, mwanauchumi ambaye jina lake limebandikwa kwenye kilima hiki, hakuwahi kukichora kwa ajili ya mazingira. Mwaka 1955 alizungumzia pengo kati ya matajiri na maskini, akiona kwamba huenda linapanuka nchi inapoanza kuendelea na kupungua baadaye. Kilima cha uchafuzi kilichorwa mwaka 1991 na Gene Grossman na Alan Krueger wa Chuo Kikuu cha Princeton. Wakati huo Marekani, Meksiko na Kanada zilikuwa zikijadili mkataba wa biashara huria, na watetezi wa mazingira walihofia kwamba biashara ingeleta uchafuzi mkubwa Meksiko. Watafiti hao wawili walichukua vipimo vya hewa vya miji ya nchi mbalimbali, wakavilinganisha na pato la nchi hizo. Kwa gesi ya salfa na moshi, umbo la kilima likajitokeza. Katika kazi yao ya mwaka 1995, iliyoongeza vipimo vya mito, waliona kwamba kwa aina nyingi za uchafuzi walizopima kilele kilikuja kabla pato halijafika dola 8,000 kwa mtu kwa mwaka, kwa thamani ya dola ya mwaka 1985.

Katikati ya kazi hizo mbili, mwaka 1992, Benki ya Dunia iliitumia dhana hii katika ripoti yake ya maendeleo, mwaka ule ule wa mkutano mkubwa wa mazingira wa Rio de Janeiro. Kuanzia hapo ikatoka kwenye majarida ya wataalamu ikawa hoja ya kisiasa.

Kwa nini uchafuzi upande, kisha ushuke?

Wachumi hutaja nguvu tatu. Ya kwanza ni ukubwa: uchumi ukikua, magari, viwanda na umeme huongezeka, na uchafu huongezeka navyo. Ya pili ni aina ya shughuli: nchi hutoka kwenye kilimo ikaingia viwandani, kisha ikaelekea kwenye huduma kama benki, utalii na elimu, ambazo kwa kila shilingi inayopatikana huchafua kidogo kuliko kiwanda cha chuma. Ya tatu ni mbinu: kazi ile ile hufanywa kwa mitambo na malighafi safi zaidi. Nguvu ya kwanza huusukuma mchoro juu. Ya tatu huuvuta chini. Ya pili huusukuma juu mwanzoni na kuuvuta chini baadaye. Umbo la kilima hutokea pale ya pili na ya tatu zinapoishinda ya kwanza.

Tuzione zikifanya kazi kwa hesabu. Lita moja ya dizeli ina uzito wa kama gramu 840. Tuchukue dizeli yenye salfa sehemu 500 kwa kila milioni, kiwango kilichokuwa cha kawaida katika nchi nyingi. Hiyo ni gramu 0.42 za salfa katika lita moja. Salfa ikiungua hujiunga na oksijeni, na gesi inayotoka huwa na uzito mara mbili ya salfa yenyewe, yaani gramu 0.84. Gari linalotumia lita 20 kwa siku litatoa karibu gramu 17 za gesi ya salfa. Magari 1,000 ya namna hiyo yatatoa karibu kilo 17 kila siku.

Tuseme mji umekua na magari yamefika 2,000. Kilo zinakuwa 34. Hiyo ndiyo nguvu ya ukubwa. Halafu nchi inaamuru dizeli iwe na salfa sehemu 50 tu kwa milioni. Magari yale yale 2,000 sasa yanatoa chini ya kilo tatu na nusu. Mji una magari mara mbili na gesi ya salfa imeshuka hadi moja ya tano ya ilivyokuwa mwanzo. Ukiuchora mji huu kwenye karatasi, pato na magari vikiwa vinapanda, utapata kilima kizuri kabisa.

Lakini angalia ni nini hasa kilichokishusha kilima hicho. Ni amri kuhusu mafuta. Hatukuweka mahali popote katika hesabu yetu kiwango cha pato ambacho watu wakikifikia salfa hupungua.

Nani aliishusha salfa?

Januari 2015, nchi tano zilizokuwa wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakati huo, yaani Burundi, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda, zilianza kutumia kiwango cha pamoja cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Kabla ya hapo, dizeli ya ukanda huu iliruhusiwa kuwa na salfa mara kumi ya hapo au zaidi. Hakuna hata moja kati ya nchi hizo iliyokuwa karibu na kilele cha Grossman na Krueger. Kwa mchoro ulivyo, zote zilipaswa kuwa bado zinapanda kilima.

Iliwezekana vipi? Salfa huondolewa kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta ghafi. Mafuta hupitishwa kwenye joto na mgandamizo mkubwa pamoja na haidrojeni, na haidrojeni huichukua salfa. Mitambo ya kazi hiyo ni ghali, na mara nyingi nchi yenye kiwanda cha zamani ndiyo inayopinga kiwango kipya, kwa sababu italazimika ama kukifumua kiwanda ama kukifunga. Tanzania haikuwa na kiwanda kinachosafisha mafuta ghafi, na kile cha Mombasa kilisimamisha usafishaji mwaka 2013. Mafuta yote yakawa yanaingia yakiwa tayari yamesafishwa, kwa meli, kupitia bandari chache zinazojulikana. Kwa hiyo kubadili kiwango kulikuwa kubadili sharti la ununuzi: shehena isiyofikia kipimo haipakuliwi. Kijiografia ni jambo la bandarini, lakini matokeo yake yanafika mpaka kituo cha mafuta cha Njiapanda ya Himo.

Kabla ya salfa kulikuwa na risasi. Kuanzia miaka ya 1920 madini ya risasi yalichanganywa kwenye petroli ili injini isigonge, na moshi wake ukawa unaharibu ubongo wa watoto. Marekani ilianza kuipunguza katika miaka ya 1970 na ikaipiga marufuku kabisa kwa magari ya barabarani mwaka 1996. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar, Juni 2001, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 petroli yenye risasi ilikuwa imeondoka sokoni. Nchi tajiri kuliko sisi ilitumia zaidi ya miaka ishirini. Sisi tulitumia chini ya mitano. Pato letu halikupanda kufika popote katika miaka hiyo mitano. Kilichotokea ni kwamba ushahidi wa madhara ulikuwepo, mbadala ulikuwepo, na serikali zilikubaliana tarehe.

Hii ndiyo hoja ya kwanza ya wakosoaji, na kwangu ndiyo iliyo nzito kuliko zote. Mchoro unaonyesha vitu viwili vikienda pamoja, pato na hewa safi, lakini hauonyeshi kipi kimekileta kipi. Ukizifuatilia nchi tajiri zenyewe utakuta sheria kila mahali uchafuzi uliposhuka kwa kasi. Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe uliifunika London kwa siku tano. Makadirio ya kwanza yalitaja vifo 4,000, na uchambuzi wa baadaye ukafika 12,000. Sheria ya Hewa Safi ya Uingereza ilikuja mwaka 1956. China ilianza kuishusha gesi ya salfa baada ya mwaka 2006, mpango wa serikali wa miaka mitano ulipoweka lengo la kuipunguza kwa asilimia 10 na vituo vya umeme vikafungwa mitambo ya kuosha moshi. Pato la China wakati huo lilikuwa dogo likilinganishwa na la Uingereza au Marekani zilipochukua hatua kama hiyo.

Grossman na Krueger wenyewe waliandika kwamba hakuna sababu ya kuamini mambo haya hujitokea yenyewe, na kwamba kiungo kikubwa kati ya pato na mazingira safi ni sera zinazotokana na wananchi kudai. Tahadhari hiyo ilipotea mchoro ulipoingia kwenye hotuba.

Mtetezi wa mchoro atajibu kwamba sheria nazo ni zao la utajiri: watu wakishiba ndipo wanapodai hewa safi, na serikali yenye mapato ndiyo yenye wakaguzi na maabara. Kuna ukweli hapo. Maabara ya kupima shehena ya mafuta inahitaji fedha na wataalamu, na nchi iliyofilisika haina. Lakini basi dai limebadilika. Sasa linasema utajiri hurahisisha uamuzi, na hilo liko mbali na kusema utajiri huleta hewa safi.

Picha ya siku moja si safari

Hoja ya pili inahusu jinsi mchoro ulivyopatikana. Ili kujua kama nchi hupanda na kushuka kilima, ingefaa kuifuata nchi moja kwa miaka mia. Vipimo vya namna hiyo havikuwepo. Kwa hiyo nchi nyingi, maskini na tajiri, zilipimwa ndani ya kipindi kifupi na kupangwa kwenye mstari mmoja kwa pato lake.

Fikiria mtu anayepiga picha wapandaji wa Mlima Kilimanjaro siku moja. Mmoja yuko geti la Marangu, mwingine Mandara, mwingine Horombo, mwingine Kibo, na mwingine yuko njiani akishuka. Akizipanga picha hizo kwa mfululizo anapata hadithi ya safari kamili, kupanda na kushuka. Lakini ni watu watano tofauti. Aliye Horombo anaweza kuugua akarudi, na aliye getini huenda akapita njia nyingine kabisa. Hadithi ya safari imetoka kichwani mwa aliyezipanga picha.

Walioukagua mchoro kwa takwimu waligundua kwamba tatizo hili linabadili majibu. Mwaka 2001 David Stern na Michael Common walirudia hesabu za gesi ya salfa. Walipotumia nchi tajiri peke yake, kilele kilikuwa karibu dola 9,000 kwa mtu. Walipoingiza nchi zote za dunia, kilele kikahamia zaidi ya dola 100,000, kiwango ambacho kwa vitendo ni sawa na kusema kilele hakipo. Mwaka uliofuata William Harbaugh, Arik Levinson na David Wilson walichukua vipimo vya aina ile ile vilivyotumiwa na Grossman na Krueger, wakarekebisha makosa yaliyokuwemo, wakaongeza miaka na miji. Kilima cha gesi ya salfa kilibadilika umbo kila walipobadili kitu kidogo, na mara nyingine kikatoweka.

Kuna jambo jingine dogo linalopitwa kirahisi. Vipimo vingi vya mwanzo vilikuwa vya hewa ya katikati ya miji. Kiwanda kikihamishiwa nje ya mji, au dohani likirefushwa, kipimo cha mjini hushuka hata kama gesi inayotoka ni ile ile. Ulaya ilifanya hivyo: madohani marefu ya Uingereza yaliondoa moshi mijini, na salfa ikaenda kunyesha kama mvua ya tindikali kwenye maziwa ya Skandinavia.

Mafuta yenyewe ni nini

Turudi kwenye lita yetu. Salfa ni uchafu uliomo ndani ya dizeli. Unaweza kuutoa na dizeli ikabaki dizeli, gari likatembea kama kawaida. Lakini lita hiyo ikiungua hutoa pia karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa, gesi inayolipasha dunia joto. Hesabu hiyo haibadiliki salfa ikiwa 500, 50 au 10, kwa sababu kaboni ndiyo mafuta yenyewe. Hakuna mtambo wa kuiondoa ukabaki na kitu cha kuchoma. Gari letu la lita 20 kwa siku hutoa kilo 54 za hewa ya ukaa, iwe mwaka 2010 au leo.

Ndiyo maana hoja ya tatu inasema kilima, hata pale kinapoonekana, ni cha aina fulani za uchafuzi tu. Hili lilijulikana tangu mwanzo. Uchambuzi wa Nemat Shafik na mwenzake, uliofanywa mwaka 1992 kwa ajili ya ile ripoti ya Benki ya Dunia, ulionyesha sura tatu tofauti. Ukosefu wa maji safi na vyoo hupungua moja kwa moja kadiri pato linavyopanda, bila kilima. Gesi ya salfa na vumbi la moshi mijini vilionyesha kilima. Taka za majumbani na hewa ya ukaa kwa kila mtu zilipanda tu. Mchoro uliopata umaarufu ulikuwa mmoja kati ya mitatu.

Kinachozitenganisha sura hizo ni swali la nani anaumia. Choo kibovu kinamuumiza mwenye nyumba, naye akipata fedha anakijenga. Moshi wa mjini unaumiza mji mzima, kwa hiyo sheria inahitajika, lakini wanaoumia na wanaopiga kura ni walewale. Hewa ya ukaa inayotoka Texas au Shanghai inamfikia mfugaji wa Longido ambaye hana kura Texas wala Shanghai. Taka nazo zikishabebwa na lori kwenda dampo zimetoka machoni pa aliyezitupa.

Kwa haki, baadhi ya nchi tajiri, Uingereza ikiwemo, zimepunguza hewa ya ukaa zinayotoa ndani ya mipaka yao tangu mwaka 1990, hasa kwa kuachana na makaa ya mawe. Lakini ukihesabu pia hewa ya ukaa iliyotolewa nje wakati wa kutengeneza bidhaa wanazoagiza, punguzo linakuwa dogo zaidi.

Mteremko wa mmoja ni mpando wa mwingine

Hapo tumeigusa hoja ya nne, kuhamisha uchafuzi. Nchi inaweza kushuka kilima kwa kuacha kuzalisha kilicho kichafu na kuanza kukinunua kwa wengine, au kwa kuwauzia wengine kile kilichochakaa. Nchi inayofuata itamhamishia nani? Wa mwisho kwenye foleni hana wa kumpelekea. Tafiti za viwanda zinaonyesha kwamba kuhama kwa sababu ya sheria za mazingira peke yake ni kudogo kuliko inavyodhaniwa, kwani kiwanda huangalia zaidi mishahara, umeme na soko. Nakubaliana nazo kuhusu viwanda. Kuhusu magari hali ni nyingine.

Kati ya mwaka 2015 na 2018, kwa hesabu za Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na sehemu kubwa ilikwenda nchi za kipato cha chini na cha kati. Japani ukaguzi wa lazima wa gari ni ghali, na mwenye gari lililozeeka huona afadhali aliuze. Gari likipanda meli, moshi wake unafutika kwenye hesabu za Japani na kuingia kwenye hesabu za Arusha au Moshi.

Chini ya gari hilo, kwenye bomba la moshi, kuna kitu ambacho mafundi wetu huita masega. Ni kifuko cha chuma chenye vijitundu vingi kama sega la nyuki, vilivyopakwa madini ya thamani kama platinamu, na kazi yake ni kubadili gesi zenye sumu kabla hazijatoka. Kwa sababu ya madini hayo masega yana soko. Mengine hung'olewa kabla gari halijasafirishwa, mengine hung'olewa hapa, na kipande cha bomba tupu kikachomelewa mahali pake. Fundi atakwambia wazi: "Kaka, gari litatembea vilevile, tena litakuwa jepesi." Ni kweli litatembea. Chungulia chini ya gari: ukiona bomba limenyooka likiwa na alama mbili za kuchomelea pale ambapo lilipaswa kutuna, masega hayapo.

Hapa kuna dhana nyingine ya kusahihisha. Wengi wanadhani moshi mweusi unaoonekana mlimani pale lori linapopanda ni ushahidi kwamba dizeli yetu bado ina salfa nyingi. Gesi ya salfa haina rangi. Weusi ni masizi, yaani mafuta ambayo hayakuungua vizuri kwa sababu nozeli zimechoka, kichujio cha hewa kimeziba au pampu imefunguliwa imwage mafuta mengi kuliko inavyotakiwa. Dizeli safi hairekebishi nozeli. Inachofanya ni kupunguza gesi ya salfa na chembechembe zinazotokana nayo, na kuruhusu vichujio vya kisasa vya moshi vifanye kazi bila kuharibiwa na salfa. Lakini kichujio lazima kiwemo kwenye gari. Kiwango cha mafuta kilikuwa nusu ya kazi; nusu nyingine ni gari lenyewe.

Je, wakosoaji wanataka tubaki maskini?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na linastahili jibu. Hakuna mkosoaji makini anayesema umaskini ni safi. Mama anayepikia kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha, pale Kibosho au Monduli, anavuta moshi mwingi kuliko trafiki wa mzunguko wa Kijenge, na moshi huo hupungua pato la familia linapopanda ikanunua gesi. Huo ni uchafuzi wa kifo na ni wa umaskini. Kwa hiyo anayesema mchoro wa Kuznets ni uongo mtupu naye anapotosha.

Wanachokataa ni kungoja. Uchumi unaokua kwa asilimia 3 kwa kila mtu hujirudufu kila baada ya miaka 24 hivi. Tukikisia kwa ukarimu kwamba kilele kiko kwenye pato mara nne ya letu la sasa, tungefika baada ya miaka 48. Na kuna madhara ambayo hayarudi nyuma ukishafika. Kenneth Arrow na wenzake walisisitiza jambo hili katika jarida la Science mwaka 1995: kilima kinachukulia kwamba ulichoharibu ukipanda utakirejesha ukishuka. Gesi ya salfa huondoka hewani ndani ya siku chache ikiacha kutolewa, kwa hiyo kwayo dhana hiyo inaweza kuvumilika. Risasi haiko hivyo. Mtoto aliyevuta moshi wa petroli yenye risasi kando ya barabara katika miaka ya 1990 ni mtu mzima leo, na uwezo aliopoteza darasani haukurudi petroli ilipobadilishwa.

Vuka mpaka wa Namanga uone jinsi uamuzi unavyoweza kutofautiana kati ya majirani. Kenya hairuhusu gari lililotumika liingie nchini likiwa na umri wa zaidi ya miaka minane. Tanzania inaliruhusu, ila mwenye nalo hulipa ushuru wa ziada kwa uchakavu. Mafuta yanayoingia kwenye matangi ya pande zote mbili yako chini ya kiwango kile kile cha salfa. Magari hayako.